Mkaguzi aliyetangulia amejibu kwa sentensi moja tu: je, tuukubali ukaguzi huu wa kampuni ya mbao Mafinga?

Mkaguzi_Mwanjelwa

Wanajukwaa, habari za asubuhi. Naandika kutoka Mbeya, ambako mimi na mwenzangu tuna ofisi ndogo ya ukaguzi wa hesabu pale Mwanjelwa. Mapema mwezi Februari 2025 tulifuatwa na mkurugenzi wa kampuni inayochana na kuuza mbao, yenye kiwanda nje kidogo ya Mafinga, akitutaka tukague hesabu za mwaka ulioishia 31 Desemba 2024. Mkaguzi wao wa miaka minne alijiuzulu mwezi Novemba. Nilipouliza sababu, mkurugenzi alisema yule bwana alitaka kupandishiwa ada na wao hawakukubaliana naye.

Ada tunayoahidiwa sisi ni shilingi milioni 14. Bahati ilikuwa kwamba katika makabrasha aliyotuletea kulikuwa na barua ya kazi ya mkaguzi wa zamani, na ada yake ilikuwa milioni 9. Hapo ndipo mashaka yangu yalipoanza, kwa sababu mtu aliyeachana na mkaguzi wake kwa kukataa kumwongezea ada hana sababu ya kuja kwetu na ada iliyo kubwa zaidi.

Nilimwandikia mkaguzi wa zamani kumwomba anieleze jambo lolote analoona ninapaswa kulijua kabla ya kukubali kazi. Amejibu baada ya siku sita: "Nimepokea barua yenu. Mteja hajaniruhusu kuzungumzia mambo yake." Hakuongeza neno. Mkurugenzi naye anataka jibu wiki hii, kwa kuwa benki inasubiri hesabu zilizokaguliwa kufikia 15 Aprili. Je, jibu la namna hii nilichukulie vipi, na tunaweza kuendelea?

CPA_Kihesa

Ndugu yangu, mimi niko Iringa na nimefanya kazi katika ofisi mbili za ukaguzi. Bila barua ya mkaguzi wa zamani inayosema hana pingamizi, huwezi kukubali kazi, na hilo halina mjadala. Uliza pia kama wanamdai au wanadaiwa, kwa sababu kama hajalipwa ada yake ana haki ya kuzuia mkaguzi mpya asiingie mpaka alipwe. Kwa upande mwingine, kama angekaa kimya siku 14, ungehesabu kwamba hana neno na ungeendelea na kazi yako kwa amani.

Katibu_AMCOS

Samahani kuingilia. Sisi ni chama cha msingi cha wakulima wa kahawa huku Mbozi, na hesabu zetu hukaguliwa na COASCO, shirika la serikali la kukagua vyama vya ushirika. Wanachama wamelalamika kwamba taarifa inachelewa. Je, na sisi tukitaka mkaguzi mwingine ni lazima COASCO watupe kwanza hiyo barua ya kutokuwa na pingamizi?

Mzee_wa_Vitabu

Katibu, swali lako lina mlango wake. Chama cha ushirika kinaongozwa na Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 2013, kwa hiyo anza kwa Mrajis Msaidizi wa mkoa wako, umweleze malalamiko ya wanachama, kabla hamjamtafuta mkaguzi yeyote. Fungua uzi wako, nitakufuata huko.

Sasa nirudi kwa kijana wa Mwanjelwa. Nimekagua hesabu kwa zaidi ya miaka 30, nyingi kati yake hapa Iringa, na ningependa kwanza kunyoosha aliyoyasema CPA wa Kihesa, kwa maana wengi wetu tulifundishwa hivyo hivyo na wakubwa zetu kazini.

Mkaguzi aliyetangulia hana ruhusa ya kutoa wala ya kunyima. Kampuni ndiyo inayoteua mkaguzi wake, kupitia mkutano mkuu wa wanahisa, na pengo likitokea katikati ya mwaka wakurugenzi wanaweza kuliziba. Kanuni za maadili za kimataifa, ambazo NBAA, bodi yetu ya wahasibu na wakaguzi, imezipokea, zinamtaka mkaguzi mpya aombe taarifa na kumtaka yule wa zamani, akiruhusiwa na mteja, azitoe kwa ukweli na bila mafumbo. Kinachotafutwa ni taarifa, na uamuzi unabaki kwako wewe unayeingia. Ndiyo maana hata barua inayosema "sina pingamizi" haitoshi yenyewe, kwa sababu mtu anaweza asiwe na pingamizi na bado akawa na jambo zito ambalo hukumuuliza. Ada isiyolipwa nayo haimpi haki ya kukufungia mlango. Inakuonyesha tabia ya mteja katika kulipa, na pengine inakuonyesha kwamba palikuwa na ugomvi, basi.

Ukimya wa siku 14 pia si kibali. Akinyamaza, mwandikie tena kwa njia itakayoacha ushahidi kwamba barua ilifika, mpigie simu, kisha utafute habari kwingine: benki yao, mwanasheria wao, hesabu za miaka iliyopita, na barua yenyewe ya kujiuzulu. Baada ya hapo utaamua kwa ulichokipata, na utaandika katika jalada lako ulichofanya.

Lakini wewe hukunyamaziwa, umejibiwa. Sentensi ile moja ndiyo aliyotakiwa kukuandikia pale mteja anapokataa kumruhusu aseme. Kwa hiyo unajua tayari mambo mawili: mkurugenzi amekupa sababu isiyolingana na ada mnayoahidiwa, na hataki mtu anayejua sababu yenyewe aongee nawe. Mwambie kwa maandishi kwamba hamtatoa jibu la kukubali mpaka ruhusa itolewe. Omba pia nakala ya barua ya kujiuzulu, yote, na uangalie kama ina kurasa ambazo hukuonyeshwa. Akikataa yote mawili, rudisha makabrasha yake. Tarehe ya benki ni shida yake, isikubaliwe kuwa shida yenu.

Mama_Parachichi

Ninawaheshimu wakaguzi, ila naomba nanyi msikie upande wetu sisi tunaokaguliwa. Nina kampuni ndogo ya parachichi hapa Njombe. Mwaka juzi nilibadilisha mkaguzi kwa sababu alikuwa anakuja mwezi Mei wakati ritani ya TRA inatakiwa mwisho wa Juni, na kila mwaka tunaomba kuongezewa muda. Nilipomwambia nimepata mwingine alikasirika, akabaki na leja zangu mbili na faili la hati za malipo, akisema hatoi mpaka nimalize milioni 2 na nusu anazonidai. Mkaguzi mpya alikaa wiki tano bila kazi. Si kila anayebadilisha mkaguzi anaficha jambo.

Mzee_wa_Vitabu

Dada, umesema kweli, na kama mkaguzi wako mpya angeniuliza ningemwambia akubali bila wasiwasi, maana sababu uliyoitoa inathibitika kwa tarehe zilizo kwenye ripoti zenyewe. Kuhusu leja, karatasi za kazi alizoziandika mkaguzi ni mali yake. Leja na hati za malipo ni mali ya kampuni.

CPA_Kihesa

Mzee, shikamoo, nimekubali kusahihishwa kuhusu pingamizi. Ila kwa hizo leja siafiki moja kwa moja. Fundi anayetengeneza gari lako anaweza kulishikilia mpaka alipwe, na nimewahi kusikia mwanasheria akisema mhasibu ana haki inayofanana na hiyo kwa vitabu alivyovifanyia kazi.

Mzee_wa_Vitabu

Marahaba. Hoja hiyo ipo, na wanasheria hawaisemi kwa sauti moja, hasa pale vitabu vinapotakiwa kutunzwa na kampuni kwa mujibu wa sheria. Mimi sijawahi kushikilia kitabu cha mtu na nisingekushauri ufanye hivyo.

Mkaguzi_Mwanjelwa

Nawashukuru wote. Nimerudi na habari. Tulimwandikia mkurugenzi kama Mzee alivyoshauri. Siku mbili za kwanza alikuwa mkali, akasema Mbeya kuna wakaguzi wengi. Siku ya tatu alituma barua ya ruhusa, pamoja na barua ya kujiuzulu iliyokuwa na kurasa mbili, wakati mimi nilikuwa nimeonyeshwa ukurasa mmoja.

Mkaguzi wa zamani amenieleza hivi. Mwezi Oktoba 2024 alipita kiwandani kwa kazi za awali, akakuta uwanjani mafungu ya mbao yenye rangi nyekundu kwenye ncha na mengine yenye rangi ya bluu. Alipomuuliza msimamizi wa uwanja, akaambiwa bila kificho kwamba nyekundu ni za kampuni na bluu ni za watu wanaoleta magogo yao kuchaniwa kwa ada. Ndipo alipokumbuka kwamba katika hesabu ya mali ya 31 Desemba 2023, aliyoisimamia yeye mwenyewe, mafungu yote yalihesabiwa pamoja na hakuna aliyemwambia habari ya rangi. Alitaka hesabu za 2023 zirekebishwe. Mkurugenzi alikataa, akisema ni mambo yaliyokwisha kupita, naye akajiuzulu.

Mbao za 31 Desemba 2023 zilikuwa mita za ujazo 1,060, zikathaminiwa kwa gharama ya shilingi 200,000 kwa mita, yaani milioni 212. Daftari la kuchania, ambalo alipiga picha kurasa zake, linaonyesha kuwa mita 390 kati ya hizo zilikuwa za wateja. Faida ya 2023 kabla ya kodi iliripotiwa kuwa milioni 64, na rasimu ya 2024 inaonyesha milioni 51. Mkurugenzi sasa anasema yuko tayari kurekebisha. Je, hili linatosha kukubali?

Mzee_wa_Vitabu

Tukae hapa kwa utulivu, kwa sababu hapa ndipo uamuzi wako ulipo. Mita 390 kwa 200,000 ni milioni 78. Ukiziondoa katika mali ya mwisho wa 2023, na kama mali ya mwanzo wa mwaka huo ilikuwa sahihi, faida ya milioni 64 inageuka kuwa hasara ya milioni 14. Mali ya mwisho wa 2023 ndiyo salio la kuanzia 2024, kwa hiyo gharama ya mauzo ya 2024 ilibebeshwa milioni 78 zisizokuwepo, na ukisahihisha hilo peke yake faida ya 2024 inapanda kutoka milioni 51 hadi milioni 129. Mtu akifika hapo atafurahi na kusema kampuni ni nzuri kuliko ilivyoonekana.

Sasa uliza kuhusu 31 Desemba 2024. Kama siku hiyo nayo mafungu ya bluu yalihesabiwa, tuseme mita 430, hizo ni milioni 86. Faida inakuwa 51 kuongeza 78 kutoa 86, yaani milioni 43, tofauti ya milioni 8 tu na rasimu yao. Unaona jinsi kosa hili linavyojificha? Likirudiwa kila mwaka kwa kiasi kinachokaribiana, faida ya mwaka haitikisiki sana, na mtu anayelinganisha mwaka kwa mwaka haoni kitu, lakini mizania inabaki imevimba kwa milioni 86, na mbao hizo hizo ndizo benki inazozitegemea kama dhamana.

Kabla ya kukubali, jiulize kama ushahidi unaweza kupatikana, kwa kuwa hamkuwepo kwenye hesabu ya mali ya mwanzo wala ya mwisho wa mwaka. Ya mwisho ina tiba: hesabuni mbao mapema Machi mkiwa wenyewe, ongezeni zilizotoka tangu Januari, toeni zilizochanwa katika kipindi hicho hicho, na mrudi nyuma hadi 31 Desemba. Ni wiki kama kumi tu. Ya mwanzo, ambayo sasa ina miezi 14, msiitafute kwa kurudi nyuma hivyo. Chukueni daftari la kuchania na mfuatilie kila fungu lilivyoondoka uwanjani mwanzoni mwa 2024. Fungu la kampuni litakuwa na stakabadhi ya EFD ya mauzo ya mbao. Fungu la mteja litakuwa na stakabadhi ya ada ya kuchana tu, na kibali cha kusafirisha mazao ya misitu kitakuwa na jina la mteja. Karatasi hizo haziandikwi na mhasibu wa kampuni peke yake, na ndiyo sababu ninaziamini.

Mkishindwa kuridhika na salio la kuanzia, kiwango cha ukaguzi namba 510 kinawaruhusu kutoa maoni yenye shaka kuhusu matokeo ya mwaka huku mizania ya mwisho ikipata hati safi, kama mizania hiyo mmeithibitisha. Mwambieni mkurugenzi leo kwamba hilo linaweza kutokea. Anayeahidi kurekebisha kwa sababu anataka hati safi ifikapo Aprili hajaahidi kitu.

Afisa_Mikopo

Nafanya kazi ya mikopo Mbeya, sitaji benki. Kwa upande wetu, hati yenye shaka iliyoeleza tatizo lilipo ina maana kubwa kuliko hati safi tusiyojua imepatikanaje. Mteja akija mwenyewe kusema hesabu za 2023 zilikuwa na kosa, tunapanga upya. Tukiligundua wenyewe uwanjani, mazungumzo yanakuwa mengine kabisa.

CPA_Kihesa

Nina swali linalonisumbua. Kama mkaguzi wa zamani alijua hesabu zilizopelekwa benki zilikuwa na mbao za watu wengine, mbona alijificha nyuma ya ruhusa ya mteja? Nimesoma kwamba mkaguzi akijitoa kwa sababu ya ukiukaji wa sheria, hata ule anaoushuku tu, mkaguzi mpya akimuuliza anapaswa kumweleza hata kama mteja amekataa.

Mzee_wa_Vitabu

Umesoma sawa, isipokuwa pale sheria inapomzuia. Hapo ndipo pagumu. Kwanza, inawezekana aliliona kama kosa la kuhesabu, hakuliona kama udanganyifu. Pili, kama alikwisha kupeleka taarifa chini ya sheria ya fedha haramu ya mwaka 2006, haruhusiwi kumdokezea mtu yeyote, na hata ukimuuliza "ulipeleka taarifa?" hawezi kukujibu. Mimi sijui lipi lilikuwa lake, na wewe pia huwezi kujua kwa kusoma barua yake.

Mama_Parachichi

Lakini si huyo mkurugenzi alilipa kodi kwa faida ya milioni 64 wakati alikuwa na hasara? Kwa asilimia 30 hiyo ni zaidi ya milioni 19 amewapa TRA bure. Nani anadanganya ili alipe kodi zaidi? Mimi naona alikosea tu.

Mzee_wa_Vitabu

Ni hoja nzuri, dada, na mkurugenzi angeweza kuitumia. Lakini mtu anayetafuta mkopo mkubwa anaweza kuona kodi ya milioni 19 kuwa bei nafuu. Msimamizi wa uwanja alisema habari ya rangi bila kificho, na hilo linanivuta upande wako. Ukurasa wa pili uliofichwa unanivuta upande wa pili.

Mkaguzi_Mwanjelwa

Tumeamua, na naandika ili wanaofuatilia uzi huu wajue. Juzi tulikwenda Mafinga kabla ya kutia sahihi chochote. Mafungu tuliyaona kwa macho: ncha nyekundu upande wa barabara, za bluu nyuma ya mashine, na baadhi yamepigwa na mvua hadi rangi haisomeki. Msimamizi alitutolea daftari la kuchania bila kumpigia mtu simu. Mhasibu alitueleza kwamba karatasi za kuhesabia mali hazina sehemu ya kuandika mwenye mbao, na ndivyo zilivyokuwa tangu alipoajiriwa mwaka 2021.

Tumekubali kazi kwa masharti yaliyoandikwa katika barua ya kazi: hesabu za 2023 zirekebishwe ndani ya taarifa za 2024, benki ijulishwe na kampuni yenyewe kabla ya kuzipokea, tuhesabu mbao Jumamosi ya tarehe 8 Machi, na tarehe 15 Aprili isichukuliwe kuwa ahadi yetu. Wakurugenzi watatu wametia sahihi, si yule mmoja pekee. Pia tumewaomba wamwarifu mkaguzi wa zamani kuhusu marekebisho, kwa sababu ripoti yake ya 2023 inaguswa, na katika ripoti yetu tutasema kwamba mwaka huo ulikaguliwa na mwingine, aina ya maoni aliyotoa na tarehe yake.

Mkaguzi wa zamani amekubali kutuonyesha karatasi zake za kazi Jumatano ijayo. Ametaka kwanza tutie sahihi barua inayosema kwamba maoni tutakayotoa ni yetu wenyewe na hatutamtwisha yeye, jambo ambalo naliona la haki. Mzee, lililobaki kunisumbua ni mita kama 60 katika zile 390 ambazo zimo daftarini lakini hazina kibali cha kusafirisha wala stakabadhi ya ada. Msimamizi anasema wenye mbao hizo ni majirani wa kiwanda, na walizibeba kwa mkokoteni.

Mzee_wa_Vitabu

Mita 60 ni milioni 12. Omba majina ya hao majirani katika daftari, uende kwao wewe mwenyewe bila msimamizi, ukaangalie walichojenga.